Uzoefu wangu: kuiagiza programu ya picha itoe dele la kahawa kwenye weupe mtupu

Natengeneza menyu na vipeperushi hapa Tanga, na kwa miezi minane sasa picha nyingi ninazoweka humo zinatoka kwenye huduma ya kuzalisha picha kwa maelezo, ninayoilipia kila mwezi. Jina lake siliandiki, maana haya nitakayoyasema yanazihusu karibu zote za aina hiyo. Ninachokipima hapa ni kitu kimoja tu: je, ukiiomba ikupe kifaa kwenye bakigraundi nyeupe tupu, utaweza kukikata kwa dakika chache ukakiweka unapotaka? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa maneno ambayo mtu huyaandika mara ya kwanza.

Kazi iliyonifundisha ni menyu ya mama mmoja mwenye mgahawa wa kahawa. Alitaka karatasi ya rangi ya udongo iliyokoza, na juu yake dele la shaba linalong'aa. Nikaandika hivi:

```
a brass dallah coffee pot, product photo, transparent background, no shadow
```

Neno dele nyingi ya programu hizi hazilijui. Andika dallah, jina la Kiarabu, zitakuelewa. Dele likaja zuri kweli, shingo nyembamba, mdomo kama wa ndege. Lakini nyuma yake kulikuwa na vile viraka vidogo vya kijivu na cheupe, kama ubao wa drafti. Nikafurahi nikidhani pana uwazi, maana programu za kuhariri picha huonyesha kwa viraka hivyo mahali pasipo na rangi yoyote. Nilipoifungua picha kwenye GIMP, programu ninayohariria picha, nikakuta viraka vile vimechorwa, ni rangi kama rangi nyingine. Programu imejifunza kutoka kwenye picha za mtandaoni, na huko nyingi zinazoitwa za uwazi zina viraka hivyo, basi nayo ikachora ilichokiona. Tangu siku hiyo sitaki tena kusikia habari ya transparent kwenye prompti, yaani yale maelezo unayoiandikia programu, isipokuwa huduma yenyewe ina kitufe maalumu cha kutoa PNG yenye uwazi wa kweli.

Chini ya dele kulikuwa na kivuli kikubwa. Hilo nalo nililikaribisha mwenyewe. Nyingi ya programu hizi hazisomi ukanushaji kama mtu anavyousoma: ukiandika no shadow, neno linalobaki na nguvu ni shadow, na kivuli kinakuja mbio. Kama programu yako ina kisanduku cha pili kinachoitwa Negative prompt, kivuli kiandike huko. Kama haina, usikitaje kabisa. Taja mwanga usiozaa kivuli kikali, yaani mwanga laini unaotoka pande zote.

Baada ya majaribio mengi, hii ndiyo prompti ninayoitumia mpaka leo, nikibadilisha jina la kifaa tu:

```
a brass dallah coffee pot, side view, whole object in frame,
centered, wide empty margin, isolated on plain white background,
soft even lighting
```

Na kwenye kisanduku cha pili:

```
shadow, reflection, table, pedestal, gradient, props, text
```

Maneno isolated on plain white background yana uzito kwa sababu ndivyo zinavyoandikwa picha za kununua mtandaoni, zile zilizopigwa makusudi ili zikatwe. Ukisema white background peke yake unaweza kupata ukuta mweupe wenye kona na dirisha. Ukisema white table umeomba meza, utapewa meza, na juu ya meza dele litaacha taswira yake kama kwenye kioo. Side view niliiongeza kwa ajili ya mkono wa dele: ukitazamwa kwa ubavu, tundu la mkono linaonekana wazi, huna haja ya kubahatisha mkono unaishia wapi. Na lile sharti la nafasi tupu pembeni usiliache, kwa sababu mdomo wa dele ukigusa ukingo wa picha umekatika, na hakuna cha kukata tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawaligundui mpaka kazi imeshachapwa. Weupe unaopewa si weupe. Chukua kile chombo cha kupima rangi kwenye GIMP, Color Picker, ukiguse kwenye kona halafu karibu na kitako cha kifaa. Kwenye picha yangu kona ilisoma 252, na karibu na kitako ikasoma 231, wakati weupe kamili ni 255. Jicho haliigundui kwa urahisi tofauti hiyo, kompyuta inaiona. Modeli nyingi za aina hii huanza na ukungu wa vitone na kuusafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Wastani wa ukungu ule ni kijivu cha katikati, na za mwanzo mwanzo kama Stable Diffusion 1.5 zinajulikana kwa kutofika kwenye weupe mtupu wala weusi mtupu. Kwa hiyo kuandika pure white mara tatu hakukusaidii sana. Maliza kazi hiyo kwenye GIMP.

Ukitumia Fuzzy Select, ile fimbo ya kuchagua rangi zinazofanana, kipimo chake cha kawaida ni 15. Maana yake ukibonyeza penye 252, inachukua mpaka 237 tu, na pale penye 231 inapaacha. Ndiyo maana watu hubaki na wingu chafu chini ya kifaa. Nilipandisha kipimo mpaka 30, wingu likaondoka, lakini na shingo ya dele ikaliwa, kwa sababu pale shaba inapomeremeta ni nyeupe karibu sawa na bakigraundi na mmetameto umefika mpaka ukingoni.

Njia iliyonitoa ni kufanya kazi kwenye nakala. Narudufu leya, yaani tabaka la picha, na kwenye nakala nafungua Colors, kisha Levels, nashusha ile pembetatu nyeupe ya kulia kutoka 255 hadi 228. Kila kilichokuwa juu ya 228 kinakuwa weupe kamili, bakigraundi yote inanyooka. Mmetameto ukigusa ukingo, naupaka kijivu kwa brashi kwenye nakala hiyo hiyo, kwa sababu haitaonekana kwa mtu yeyote. Hapo ndipo nabonyeza na fimbo, na kipimo nakirudisha 15. Halafu nashikilia Shift na kubonyeza ndani ya tundu la mkono, kwa sababu fimbo haivuki shaba kuingia humo yenyewe. Nageuza uchaguzi kwa Select, Invert, ili dele ndilo liwe limechaguliwa, napunguza pikseli moja kwa Select, Shrink, kisha nahamia leya ya asili na kuongeza kinyago cha kuficha kila kisichochaguliwa, kwa Layer, Mask, Add Layer Mask, nikichagua Selection. Nakala naizima. Dele linabaki na rangi zake zote za mwanzo, maana Levels haikuligusa.

Ile pikseli moja ya kupunguza sikuwa naifanya mwanzoni. Nilimpelekea mama menyu ya kwanza iliyochapwa, akaishika karibu na macho, akapitisha kidole pembeni ya dele. "Mwanangu, mbona dele langu limeshonwa kwa uzi mweupe?" Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, mama, nitalirekebisha." Alikuwa na haki. Pikseli za ukingoni ni mchanganyiko, nusu shaba nusu weupe, na ukiziweka juu ya rangi iliyokoza zinatoa mstari mwembamba unaozunguka kifaa chote. Kwenye karatasi nyeupe usingeuona kamwe. Basi kabla ya kukubali kazi yako, weka chini yake leya nyeusi tii, ukuze picha mara mbili, uzunguke ukingo wote kwa jicho. Na pakua picha kama PNG kama huduma inaruhusu, kwa sababu JPEG huacha vumbi la vitone kandokando ya kifaa, na fimbo inajikwaa humo.

Si kila kitu kinastahili weupe. Mama alitaka pia vikombe vidogo vyeupe vya kahawa, na kikombe cheupe kwenye weupe hakina ukingo: upande wenye mwanga umeyeyuka, na hakuna fimbo ya kuutafuta. Hapo niliandika plain medium gray background mahali pa white. Nilijaribu kijani kwanza kama wafanyavyo watu wa video, lakini kaure inang'aa, ikavuta kijani chote kwenye tumbo la kikombe na sikuweza kukiosha. Kijivu kikivuja kinaonekana kama kivuli cha kawaida, hakimsumbui mtu.

Mkoba wa ukili nao ulinishinda kwa fimbo, kwa sababu nyuzi zilizochomoza ni nyembamba kuliko uwezo wake. Lakini ulikuwa unakwenda kwenye kipeperushi cha rangi ya maziwa, na juu ya rangi nyepesi huna haja ya kukata kabisa. Unaondoa kijivu kwa Levels, unaweka leya ya mkoba kwenye hali ya Multiply, na weupe wote unapotea wenyewe, nyuzi zinabaki moja moja. Mkoba wenyewe unapata rangi kidogo ya karatasi, kwa ukili si tatizo. Juu ya karatasi iliyokoza usijaribu, mkoba wote utazama gizani.

Neno moja kwa wauzaji. Kwenye menyu dele ni pambo, anayenunua ananunua kahawa. Ukiwa unauza dele lenyewe, au mkoba wenyewe, piga picha ya ulichonacho mkononi. Programu itabuni nakshi ambazo hazipo, na mteja ataletewa kitu ambacho hakukiona. Hatua hizi za kukata zitakufaa vilevile kwa picha uliyoipiga kwa simu mbele ya shuka jeupe.

Kwa huduma niliyoilipia, nimeridhika. Katika picha nne ninazopewa kwa mkupuo, kwa kawaida mbili nazikata bila shida, na dele zima linanichukua kama dakika kumi. Kilichobaki kunisumbua ni mvuke. Ukiomba dele lenye mvuke kwenye weupe, mvuke hauonekani, au unakuja kama moshi wa kijivu ambao huwezi kuutenga. Siku hizi nauomba peke yake, kwa prompti yake:

```
thin wisps of steam rising, isolated on plain black background
```

Ninauweka juu ya dele kwenye hali ya Screen. Weusi unapotea kama weupe unavyopotea kwenye Multiply, na kwenye karatasi ile ya rangi ya udongo mvuke umepanda mpaka karibu na jina la mgahawa.