Kalamu ya kumwaga chaji ya kapasita: uzoefu wangu hapa Malindi, na ile "sekunde moja" ya muuzaji

Mie ni fundi wa tivii na inveta hapa Malindi, na hii kalamu ya kumwaga chaji nilinunua mtandaoni kabla ya Ramadhani, elfu moja na mia tano hivi pamoja na kusafirisha. Ina ncha ya chuma upande mmoja, upande wa pili waya wenye klipu ya mamba, na katikati pana kitaa kinachowaka ukigusa kapasita yenye moto. Naitumia karibu kila siku na sitaki kurudi kwenye ule mtindo wa kushoti na bisibisi, ule unachoma njia za bodi, unaua na kapasita yenyewe na cheche zake zinaweza kukurukia usoni. Kwa hiyo kifaa nakipenda. Ila kuna neno moja kwenye tangazo lake ambalo lazima niliseme, maana limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kapasita yoyote ni salama baada ya sekunde 1. Hilo neno "yoyote" linaweza kumuumiza mtu vibaya sana.

Kitu cha kwanza nilikifungua nione ndani kuna nini. Kuna rezista moja ya kauri, ile nyeupe ya mraba, imeandikwa 10W 2kΩ J, yaani omu elfu mbili, wati kumi, na hiyo J maana yake inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Pembeni kuna vitaa viwili vya ledi vimegeuziana ili ukigusa chanya au hasi kimoja kiwake, na rezista yao ndogo. Basi. Hakuna kingine, na hakihitajiki kingine, lakini ukishajua ni 2k unaweza kupiga hesabu mwenyewe badala ya kumwamini muuzaji.

Hesabu yenyewe ni hii:

```
t = R × C × ln(V0 ÷ V)
```

V0 ni volti ulizoanza nazo, V ni zile unazotaka zibaki, R kwa omu, C kwa faradi (kwa hiyo maikrofaradi unagawanya kwa milioni), jibu linatoka kwa sekunde. Kitufe cha ln kipo kwenye kalikuleta ya simu ukiilaza simu upande. Na chaji na volti kwenye kapasita zinashuka pamoja kwa kiwango kilekile, zikibaki nusu ya volti basi imebaki nusu ya chaji, kwa hiyo mita ya volti inatosha kukuambia yote.

Sasa mbona inahitaji ln, si ungegawanya tu? Kwa sababu rezista inapitisha umeme kulingana na volti zilizopo wakati ule. Mwanzoni volti ni nyingi, mkondo ni mkubwa, chaji inakimbia, halafu kadiri volti zinavyopungua na mkondo unapungua, kama tangi la maji juu ya nyumba, likiwa limejaa bomba linatoa kwa nguvu na likikaribia kuisha ni michirizi tu. Matokeo yake ni kwamba kila kipande cha muda kinaondoa sehemu ileile ya kilichobaki, sio kiasi kilekile. Ukizidisha R na C unapata muda ambao baada yake inabaki asilimia 37. Nusu inafika kwenye 0.69 ya muda huo, sehemu moja ya kumi inafika kwenye 2.3 ya muda huo, na asilimia moja kwenye 4.6. Ukizishika hizo tatu kichwani huhitaji kalikuleta kila saa.

Haya tuanze na tivii, maana hapo muuzaji yuko sawa. Sapulai ya tivii nyingi ina kapasita moja kubwa, tuseme 220µF 450V. Stima yetu ni 240, ikigeuzwa kuwa ya moja kwa moja inapanda mpaka kilele, kama volti 339. R mara C ni 2000 × 0.00022, sekunde 0.44. Mimi kiwango changu cha kuanza kuweka vidole ni volti 50, kwa hiyo 339 gawa kwa 50 ni 6.78, ln yake 1.91, mara 0.44 inakuja sekunde 0.84. Sekunde moja imetosha, kweli kabisa, na hata ukitaka zishuke mpaka volti 10 ni sekunde 1.55 tu.

Lakini sasa njoo kwenye inveta. Kuna moja ililetwa kutoka nyumba ya wageni upande wa baharini, kubwa, ndani ina kapasita nne za 470µF zimefungwa sambamba, na basi yake, yaani njia kuu ya umeme wa moja kwa moja mle ndani, inasimama kwenye volti 380. Zikiwa sambamba zinajumlishwa, 1880µF. Kalamu ni ileile ya 2k, kwa hiyo R mara C ni sekunde 3.76. Sasa jiulize baada ya ile sekunde moja ya tangazo zimebaki volti ngapi. Inabaki asilimia 77, yaani volti 291!! Mtu ameondoa kalamu, ameamini tangazo, anaingiza mkono kwenye volti 291 zenye kapasita nne nyuma yake. Hiyo sio kushtuka kidogo ukatikisa mkono, hiyo inaweza kuua.

Muda wa kweli wa kufika 50 ni 380 gawa kwa 50, ni 7.6, ln yake 2.03, mara 3.76, sekunde 7.6. Nilipoifanya niliweka mita juu yake wakati kalamu imeshika, simu inahesabu sekunde, na kwenye sekunde ya 8 mita ilisoma volti 53 wakati hesabu ilisema zitakuwa 45. Mita ilikuwa sawa na hesabu ilikuwa sawa, kilichopo ni kwamba kapasita za aina hii maandishi yake yanaruhusiwa kupotoka asilimia 20, na ukigeuza hesabu kwa volti 53 unapata kwamba zile nne kwa pamoja zilikuwa karibu 2030µF, zimezidi kama asilimia 8. Ndio maana mimi jibu la hesabu naliongeza robo. Hapa 7.6 inakuwa 9.5, nashikilia sekunde 10 na bado napima kabla sijagusa. Kupima ndiko kunakoamua, hesabu inakuambia tu mita inatakiwa isome nini, na ikisoma tofauti sana ujue kuna jambo.

Kuhusu kitaa, usikifanye ndio ushahidi. Changu kinafifia mpaka sikioni tena kwenye volti ishirini na kitu, na mchana kwenye mwanga wa mlangoni hata mapema zaidi. Kwa ngozi sio mbaya lakini ukienda kupima kapasita hiyo kwa mita ya kusoma maikrofaradi ikiwa na volti ishirini ndani, mita unaiaga.

Jambo lingine ambalo tangazo halisemi ni kwamba volti zinarudi. Ile inveta niliimwaga mpaka volti 3, nikatoa kalamu, nikaenda kuswali na kula, kurudi nakuta volti 17. Hakuna aliyeiwasha. Ndani ya kapasita kuna chaji inayozama kwenye tabaka la katikati na haitoki haraka, inatoka polepole baadaye na kupandisha volti tena. Hapo formula ya juu haikusaidii kwa sababu inachukulia kapasita safi. Dawa ni kuacha klipu na ncha zimeshika muda wote unaofanya kazi, na hapa kalamu hii ina kasoro kwa sababu ncha ni ya kushika kwa mkono. Mie nimeunganisha klipu ya pili, kazi ya dakika chache.

Sasa kuna mtu atasema kwani inveta haina rezista yake ya kujimwaga? Inayo, hii ilikuwa na ya 100k na kibandiko nje kinasema subiri dakika 10. Piga hesabu, 100,000 × 0.00188 ni sekunde 188, kufika volti 50 ni dakika 6 na sekunde 20 hivi, kwa hiyo kibandiko hakidanganyi. Lakini hapa kwetu pwani hewa ina chumvi, miguu ya rezista inaota kutu ya kijani na lehemu inaachia, kibandiko bado kinasema dakika 10 na rezista haipo kazini. Namna ya kujua bila kugusa chochote ni kusoma mita mara mbili kwa kupishana dakika moja. Rezista ikiwa nzima, kila dakika inabakisha asilimia 73, kwa mfano 310 itakuwa 225, dakika inayofuata 164. Mimi nilisoma 310, baada ya dakika nikasoma 306. Hapo hapo nikajua imeachia, na kweli nilipoigeuza bodi mguu mmoja ulikuwa umekatika. Na angalia mita yako pia, nyingi zina omu milioni kumi ndani kwa hiyo hazimwagi chochote cha maana, usitegemee kwamba ukiacha mita imeshika itamaliza kazi.

Joto nalo nimelipima kwa kidole kwa sababu niliwaza mbona wasiweke rezista ndogo zaidi iwe haraka. Nguvu iliyomo kwenye ile inveta ni kama juli 136, ya tivii ni kama 13, na yote inaishia kwenye rezista uwe na haraka au usiwe nayo. Ukiweka 1k badala ya 2k muda unakatika nusu ila mwanzoni rezista inakula wati 144 badala ya 72, na hii ni ya wati 10. Kwa sekunde chache ya kauri inavumilia, baada ya inveta moja mwili wa kalamu ulikuwa vuguvugu tu. Nikimwaga mbili tatu mfululizo unapata moto wa kutosha, naiacha ipoe.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa lile tangazo, na nimemwandikia muuzaji aliondoe neno "yoyote" na aandike 2kΩ kwenye mwili wa kalamu ili kila mtu apige hesabu yake. Kwa tivii, sapulai za kompyuta, bodi za friji na mashine za kufulia, nunua bila wasiwasi. Ukiwa unafungua inveta zenye zaidi ya 3000µF tafuta ya wati 50 yenye bati la kupozea na klipu pande zote mbili.