Gari ya shamba, Pujini hadi Chake, siku za soko la Ramadhani: uzoefu wangu

Gari ya Pujini, hapa kwetu Pemba, inayokwenda mjini Chake Chake, naipanda mwaka mzima, lakini nataka niieleze kwa zile siku za soko la Ramadhani, maana hapo ndipo unapoijua ilivyo. Siku za kawaida ukiikosa hii utakaa kibarazani usubiri nyengine, hasara yako ni muda tu. Ikiingia Ramadhani, na zaidi likiingia kumi la mwisho, kila mwenye mgomba na konde la majimbi anataka afike sokoni Chake asubuhi ile ile, kwa sababu watu wa mjini wananunua vya futari mapema na wachuuzi wa jumla wanamaliza kazi yao kabla jua halijakuwa kali. Watu wanaongezeka, mizigo inaongezeka, gari ni zile zile.

Kwa asiyezijua: ni lori dogo lililojengewa bodi ya mbao, paa juu, mabao mawili ya kukalia yanayotazamana, na mlango ni nyuma. Pembeni hakuna vioo, kuna turubali linalokunjwa juu na kuteremshwa ikinyesha. Utingo anasimama kwenye kipandio cha nyuma, na akigonga bodi dereva anajua kama ni kusimama au kwenda. Mbele kwa dereva wanakaa wajawazito, wazee na mgonjwa anayepelekwa hospitali. Hilo Pujini bado linaheshimiwa, na naliweka katika mazuri ya huduma hii. Sijaona kijana akakaa mbele bibi akabaki nyuma asiambiwe.

Jambo la kwanza la kujua ni gari inalala wapi. Gari ya safari ya mwanzo inalala kijijini, kwa dereva au kwa utingo, na inaondoka watu wakishatoka kusali alfajiri. Ile ndiyo gari ya mwenye mzigo. Ya pili haitokei kijijini, inatokea Chake, na inakuja ikishamaliza kuteremsha watu wake huko, kwa hiyo hakuna ajuaye saa. Siku ya soko gari ya mwanzo inajaa pale pale inapolala. Anayesubiri mbele njiani ataiona inampita. Ukitaka kujua mapema kama itakusimamia, itazame nyuma inapokuja: ikiwa utingo ananing'inia kwa mkono mmoja na springi zimelala hata matope ya tairi yanakaribia kugusa bodi, usijisumbue kunyoosha mkono. Dereva hata akitaka hana pa kukuweka.

Kwa hiyo mimi mzigo wangu haulali kwangu. Jioni, watu wakishafuturu na kusali tarawehi, naupeleka kwa gari ya ng'ombe mpaka gari inapolala, na hapo hapo nazungumza bei. Nauli ya mtu inapangwa na serikali na kila mmoja anaijua, haina mjadala. Mzigo hauna bei iliyopangwa, ni maneno yako na utingo. Jioni utingo ameshiba, ametulia, na mzigo ni mmoja mmoja, kwa hiyo anasema bei ya kibinadamu. Alfajiri watu ishirini wanamvuta kanzu, na ile bei ya jioni huipati tena.

Ramadhani iliyopita nilikuwa na mikungu mitatu ya mkono wa tembo, polo moja la majimbi na pakacha la nazi. Utingo alianza na elfu mbili kwa polo na elfu moja kwa kila mkungu, pakacha akasema tutaonana. Hilo "tutaonana" usilikubali. Ukishafika Chake, mzigo uko juu ya paa na wewe uko chini, kuonana kwenyewe kunakuwa kwa upande wake. Nikamwambia, "Mwanangu, nitajie yote sasa hivi, na mama yako akusikie." Mama yake alikuwa kibarazani anapeta mchele. Tukaafikiana elfu nne kwa vyote, pakacha ndani yake, na kulipa ni baada ya kuteremsha. Kulipa baada ya kuteremsha ni muhimu kuliko hata bei, nitasema kwa nini.

Kupakia kuna elimu yake, na hapa matingo hawako sawa. Anayejua kazi anaanza na mapolo, anayalaza chini juu ya paa upande wa mbele, karibu na kichwa cha gari, ili uzito usivute nyuma kwenye kilima. Mapakacha ya nazi yanafuata, kwa kuwa nazi haiumii. Ndizi zinakaa juu ya vyote, mkungu umelala na vidole vyake vimetazama ndani, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Samaki hawapandi juu ya ndizi hata kidogo. Tenga la samaki linadondosha maji njia nzima, na mchuuzi akinusa mkungu wa ndizi ukinuka ngisi anakushusha bei mbele za watu. Asiyejua kazi anatupia kilichomkaribia kwanza, halafu vijana waliokosa nafasi ndani wanapanda juu na kukaa juu ya mikungu.

Ndizi iliyokaliwa huitambui pale pale. Inaonekana nzima, unaipangusa vumbi, unaiweka chini, na jua likishapanda kidogo vile vidole vilivyobanwa vinaanza kupiga weusi kwenye mbavu zake. Ndizi ya futari inapikwa mbichi, mnunuzi anataka kijani kitupu. Mkungu wangu mmoja ulipata hivyo siku nyengine, ukauzika kwa chane chane kwa akina mama wa mtaani, bei ya jumla ikapotea. Tangu hapo nafunga kitambaa chekundu kwenye polo na mikungu yangu, na sipandi ndani mpaka nione imekaa wapi. Kitambaa kinasaidia na Chake pia, kwa sababu majimbi ya kila mtu yanafanana na polo la kila mtu ni jeupe.

Ndani ya gari sitaki kusema uongo, ni tabu. Mabao yakishajaa wanapanga watu katikati, wengine wamekalia ndoo, wengine wamesimama wameinamisha shingo kwa sababu paa ni fupi. Utingo kazi yake ni kusema "songeleaneni, waja wa Mungu, mna saumu," na watu wanasongeleana kweli. Mwanamke mwenye mtoto anapakatiwa mtoto na asiyemjua. Lakini ukikaa kwenye ncha ya bao, karibu na mlango, kila anayeshuka anapita juu ya magoti yako. Pahala pazuri ni katikati ya bao, mgongo kwenye nguzo. Unapata hewa na hakuna anayekukanyaga.

Ukikaribia barabara ya uwanja wa ndege jiandae kwa mchezo wa trafiki. Gari ikiambiwa na wenzake wanaotoka Chake kuwa trafiki yuko mbele, inasimama nyuma ya kona, waliosimama na walioko juu wanateremshwa, wanapita kwa miguu, gari inapita imejaa kihalali, halafu wanapandishwa tena mbele. Kijana anakwenda mbio anacheka. Mimi na mwenye magoti mabaya hatucheki. Na ukiteremshwa hivyo, mzigo wako unatangulia bila wewe. Hapo ndipo ninaposema kulipa ni baada ya kuteremsha: aliyekwisha kuchukua pesa yako hana haraka ya kukusubiri. Mimi nikiona tu gari inapunguza mwendo nakaa imara kwenye bao langu, aliyekaa hateremshwi.

Kufika Chake si mwisho wa gharama. Gari inakushusha stendi, na kutoka stendi hadi pale wanunuzi walipo ni hamali au mkokoteni, na siku za soko hamali naye ana bei yake ya siku za soko. Ukimwomba utingo kwa uzuri kabla hamjaondoka Pujini, wapo wanaokubali kupitisha gari karibu na soko kwanza, ikiwa wenye mizigo ni wengi. Wangu alikubali kwa kuwa tulikuwa watatu tuliomwambia pamoja.

Sasa kurudi, na hapa ndipo ninapoitia dosari kubwa huduma hii. Asubuhi watu wote wanataka kwenda wakati mmoja, lakini wanaondoka vijijini mbalimbali. Alasiri wote wako Chake, wote wana saumu, na wote wanataka kufika kwao kabla ya magharibi. Baada ya saa tisa stendi haina foleni, kuna mbavu tu. Gari inazingirwa kabla haijasimama, vijana wanaingia kwa pembeni juu ya bodi, na mwanamke mwenye kapu la unga na mafuta anabaki chini akitazama. Siku moja niliingia kwa shida, tukafika njia panda, utingo mwengine akapokea zamu na kunidai tena pesa ya polo tupu na kapu nililokwisha kulilipia stendi. Nilibishana, abiria wakanishuhudia, akaniacha. Asiye na shahidi hulipa mara mbili.

Dawa niliyoiona ni kuuza jumla hata kwa bei pungufu kidogo, nikanunua vyangu, na kuwa stendi kabla ya adhuhuri. Wakati huo gari zinarudi shamba karibu tupu, zinakwenda kufuata watu wa safari ya pili, na utingo anakuita yeye. Bei ya rejareja ya alasiri ni nzuri kweli, mkungu unaweza kukuzidishia kitu, lakini ukikosa gari bodaboda itakula ile ziada yote, na usiku usalama wake njiani ni mdogo. Bodaboda naisifu kwa mtu mwenye mkungu mmoja na asubuhi kweupe. Polo la majimbi nyuma ya pikipiki linayumba kwenye mashimo, na nimemwona mtu akiokota majimbi barabarani moja moja.

Mvua za masika zikikutana na Ramadhani, uliza turubali kabla ya kupanda. Likiwa limetoboka, maji yanaingia pale linapounganika na paa, na wanaoloa ni wa bao la upande upepo unakotoka. Unga, sukari na nguo za watoto za sikukuu vitie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, kisha uvipakate. Utingo akikwambia atakuwekea juu na havitaloa, muulize kwanza yeye mwenyewe koti lake kaliweka wapi.