UPS yangu, printa ya leza na yule kijana wa dukani

Naandika hasira zikiwa bado hazijapoa, kwa hiyo nisameheni mapema. Hii UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, niliinunua miezi kadhaa iliyopita, ile ndogo ya 650 VA, kwa sababu nilichoka na umeme wa kuzima na kuwaka kama taa za disko. Printa yangu ya leza ilishakatikiwa na umeme katikati ya kazi mara nyingi, karatasi ikabaki imenasa ndani, nusu imechapwa nusu nyeupe, na mimi nafungua mlango wa nyuma kuivuta polepole huku vidole vinaungua. Nikasema sasa basi, nanunua kinga.

Nilimuuliza kijana wa dukani swali moja tu: hii itabeba kompyuta na printa? Akajibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "Mama, UPS ni UPS. Chomeka unachotaka." Hakuuliza printa ni ya aina gani. Mngeniuliza siku ile ningempa alama zote, maana nilifika nyumbani, nikachomeka kila kitu, taa ya kijani ikawaka, kimya, raha mustarehe. Nikachapa ukurasa mmoja. UPS ikalia mlio mfupi, nikadhani inanisalimu.

Baada ya siku chache ndipo nikaona vituko. Kila printa ilipoamka kutoka usingizini, taa ya chumbani ilififia kidogo, UPS ikatoa sauti ya "tak!", kisha ikapiga kelele mfululizo. Halafu siku moja umeme ukiwa dhaifu, ule wa feni kuzunguka kwa uvivu, nikabonyeza kuchapa. Tak! Mlio mrefu. Giza. Si umeme uliokatika, taa ya chumbani ilikuwa inawaka! Ni UPS iliyojizima na kuondoka na kompyuta yangu pamoja na kazi ya asubuhi nzima ambayo sikuwa nimeihifadhi. Kitu nilichonunua kinilinde na kukatika kwa umeme ndicho kilichonikatia umeme.

Nikairudisha dukani. Kijana akachomeka simu yake ya mkononi kwenye UPS, ikaanza kuchaji, akanitazama: "Si inafanya kazi? Umeme wako ndio mbovu, mama." Mbele ya wateja. Nikaondoka nimeibeba kama mtoto aliyefukuzwa shule, na jioni hiyo nikaipa nyota moja.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Hakugusa hata bisibisi. Aligeuza printa, akanionyesha kibandiko cha nyuma: 4 A. "Zidisha kwa 230 V," akasema. Nikapata 920. Kisha akanionyesha kibandiko cha UPS. 650 VA ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini chini yake, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, 360 W. Hiyo ya pili ndiyo mzigo halisi inaoweza kuubeba. Kompyuta yangu na skrini yake ni kama 120 W, rauta 10 W, kwa hiyo wakati printa imelala UPS inapumua vizuri. Printa ikiamka, jumla inapita 1000.

Mla umeme ni fyuza, yaani ile sehemu yenye joto inayoyeyusha tona ishike kwenye karatasi. Ndani yake mna hita, na hita hiyo huvuta umeme kwa mkupuo, inawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi. Ndiyo maana jaribio la kuchaji simu halithibitishi chochote, na ndiyo maana taa yangu ilikuwa inafifia. Siku umeme ukiwa tayari uko chini, ule mkupuo unaushusha zaidi. UPS inaona volteji imeanguka, inadhani umeme umekatika, inahamia kwenye betri (ndiyo ile "tak!"), na betri inajikuta imebebeshwa karibu mara tatu ya uwezo wake. Inajizima kujiokoa. Kumbe maskini ilikuwa inafanya sawasawa ilivyoundwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dokezo lilikuwa pale pale mgongoni mwake. Soketi zimegawanyika makundi mawili: upande mmoja zinapata betri, upande wa pili zinapata kinga ya umeme unaopanda ghafla peke yake, bila betri. Yangu ina mchoro mdogo wa betri kutofautisha. Lakini fundi alinikataza kuweka leza hata upande huo wa pili, kwa UPS ndogo kama yangu. Akasema ichomeke ukutani, kupitia ekstensheni yenye kinga, halafu UPS uwaachie kompyuta na rauta. Nimefanya hivyo, na tangu siku hiyo haijajizima hata mara moja. Umeme ukikatika napata dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kistaarabu. Printa inazimika, ndiyo, na karatasi inanasa kama zamani. Nasubiri fyuza ipoe, navuta, naendelea na maisha.

Kwa printa ya wino mambo ni tofauti, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda hii UPS. Ile yangu ndogo ya wino inakula kama 20 W tu ikichapa, nimeiweka upande wa betri bila wasiwasi. Na yenyewe inahitaji betri kuliko leza, kwa sababu ukiizima kwa kitufe chake inarudisha kichwa cha wino kwenye maegesho na kukifunika. Ikikatikiwa ghafla kichwa kinabaki wazi, na ukikiacha hivyo siku kadhaa wino unakauka kwenye matundu. Tangu niipe betri sijaona mistari myeupe kwenye picha.

Sasa ile ekstensheni yenye kinga. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo, balbu mbili zikaenda. Asubuhi printa nzima, ila taa ndogo ya kinga kwenye ekstensheni imezimika. Ndani yake kuna kidude kinachoitwa varista, kinachomeza umeme unaopanda ghafla, na kila kikimeza kinachakaa, hadi kinakufa. Soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida! Printa inawaka, wewe unajiona salama, kumbe unatumia ekstensheni ya kawaida tu. Nikarudi kwa yule yule kijana (sijui nilitarajia nini) nikiuliza kama ana nyingine. "Si bado inawasha?" Jamani.

Na ekstensheni hiyo haisaidii umeme ukiwa mdogo hata kidogo, hilo lieleweke. Inazuia unaopanda ghafla tu. Umeme ukishuka sana nachomoa leza kabisa, na ukikatika pia nachomoa, kisha nasubiri kama dakika tano baada ya kurudi ndipo nachomeka. Stabilaiza ningeiweka, lakini itabidi iwe inayozidi hizo 920, na kwa sasa mfuko hauruhusu.

Kwa hiyo ile nyota moja naifuta. Naipa nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya yale maandishi ya 360 W yaliyofichwa chini ya kibandiko. Kijana wa dukani sijampa nyota yoyote, ingawa ekstensheni mpya nimeinunua kwake, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa nayo.