Utendaji duni au utovu wa nidhamu?

Chukua karani wa stoo katika kiwanda cha chai Mufindi. Ana miaka miwili kazini, na kwa miezi mitatu mfululizo leja yake haikubaliani na magunia yaliyomo. Meneja anataka kumfukuza. Je, anaweza? Kabla ya kujibu swali la namna hii, uliza: ameshindwa, au amekataa?

Kama mfumo mpya wa leja umemshinda, huo ni utendaji duni. Anaonyeshwa kiwango kinachotakiwa, anapewa maelekezo au mafunzo, kisha muda wa kutosha wa kujirekebisha. Hapa fomu za tathmini ndizo ushahidi. Zikionyesha kila mwaka "vizuri sana", mwajiri atapata shida kueleza udhaifu ulitoka wapi.

Kama anajua kazi lakini anaandika magunia ambayo hayakuingia, ni utovu wa nidhamu. Mafunzo hayahusiki. Panafanyika uchunguzi, anapewa tuhuma kwa maandishi na angalau saa 48 za kujiandaa, kisha anasikilizwa akiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Wanafunzi wengi wakijibu swali hili huishia kwenye sababu na kusahau utaratibu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinadai sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Hata mwizi aliyefukuzwa bila kusikilizwa anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.