Mashine ya presha ya kufunga mkononi: taa nyekundu imewaka kwangu mara mbili

Hii mashine nilinunua famasi moja hapa mjini Mwanza kwa 85,000, ni ile ya kufunga juu ya kiwiko. Ya kwanza nilikuwa nayo ya kifundo cha mkono nikaigawa, maana ukishusha mkono chini ya usawa wa moyo inakupandishia namba. Hii inapima vizuri sina neno, ila presha ikifika 180 ya juu au 120 ya chini inawasha taa nyekundu basi nyumba nzima roho juu.

Mara ya kwanza ilikuwa bi mkubwa. Katoka Sengerema, kavuka na feri ya Kamanga, kapanda na kilima cha kwetu na mfuko wa viazi kichwani, hajakaa hata dakika anasema nipime basi na mimi. 196/118, taa nyekundu hiyo. Jirani kasikia kelele kaja mbio na kidonge cha nifedipini, eti atafune aweke chini ya ulimi itashuka sasa hivi. Nikampigia mama mdogo ambae ni nesi wa siku nyingi, akafoka, "Hicho kidonge mrudishieni mwenyewe! Muulize dada kifua kinambana? Anahema kwa shida? Anaona vizuri? Kichwa kinampasuka? Anaongea sawasawa?" Bi mkubwa hana hata kimoja, anaulizia chai.

Basi akatwambia akojoe kwanza, akae ameegemea, miguu chini, asiongee dakika tano, mkanda uwe juu ya ngozi sio juu ya sweta (mi nilifunga juu ya sweta, nakiri). Tukarudia ikaja 182/110. Bado ni kubwa ila haijagusa ubongo, moyo, figo wala macho, na hiyo sio ya kushusha kwa fujo, inashushwa taratibu siku moja mbili na zaidi. Kumbe amlodipini zake zilimwisha siku kumi nyuma akanyamaza. Mama mdogo akasema anywe dozi yake ile ile ya kawaida, asiongeze cha pili, na kesho asubuhi aende kliniki, ila usiku akipata hata dalili moja kati ya zile tusisubiri asubuhi. Kuhusu kile kidonge cha jirani alisema mwili ulishazoea presha kubwa, ukiishusha ghafla damu haifiki vizuri kichwani na kwenye moyo, mtu anapata kiharusi cha kutengeneza wenyewe sebuleni.

Mara ya pili baba mkubwa, ni juzi juzi tu. 188/122, yani namba inakaribiana kabisa na ya bi mkubwa, ukiangalia mashine tu utasema tumeshayazoea haya. Ila alikuwa ameshika kikombe cha uji na mkono wa kulia, kikombe kikawa kinalala chenyewe uji unamwagikia kwenye goti na yeye wala hashtuki, kumuuliza vipi baba anajibu maneno yanateleza, mdomo umeenda upande. Hapo hakuna kukaa dakika tano wala kurudia kupima. Shangazi alitaka kumpa maji ya ndimu nikamzuia, mtu wa hivyo kumeza kwenyewe shida maji yanaingia kwenye mapafu, na aspirini pia hapana maana hujui ni mshipa umeziba au umepasuka. Tukachukua bajaji moja kwa moja hospitali.

Pale swali la kwanza walilouliza sio presha ngapi, ni mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Nikasema saa moja na robo, alipokuwa anasikiliza taarifa. Wakampiga siti skani kwanza, presha hawajaigusa, mi nalalamika mbona hamshushi, dokta akaniambia mshipa umeziba, na kwa mgonjwa kama huyu ambae hapewi dawa ya kuyeyusha bonge la damu huwa wanaiacha juu siku ya kwanza mpaka ikivuka 220/120 ndo wanaigusa, kwasababu hiyo presha ndo inasukuma damu ipite pembeni ya pale palipoziba. Angekuwa na maji kwenye mapafu au mshipa mkubwa wa kifua umechanika wangeshusha haraka, kwa dripu, na mtu amekaa pale anaangalia. Nikakumbuka kile kidonge cha jirani nikanyamaza.

Mashine naipa nne kati ya tano. Hiyo moja nimekata sababu ya mkanda, uliokuja nao ni mdogo, kwa mkono mnene wa shangazi unabana na unasoma juu kuliko kweli, mkubwa nimeuagiza kwa 25,000 nyingine. Na betri zikiisha nguvu inaandika Err katikati ya kupima, weka za akiba. Baba mkubwa yuko kwenye mazoezi ya mkono, kikombe anashika ila bado kwa mikono miwili.