Uzoefu wangu na Ads Manager kwenye duka la mapazia Dodoma: tangazo linachoka na namba zinakwambia mapema

Mimi na mdogo wangu tunashona na kuuza mapazia hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo. Wateja wetu wengi ni watu wanaohamia, mtumishi kapangiwa kituo Mtumba kapata nyumba Ilazo au Nzuguni, madirisha yako wazi, anataka mtu aje apime leo ashonewe wiki hii. Hao tunawapata kwa matangazo ya Facebook na Instagram yale ya mtu anabonyeza anafunguka WhatsApp moja kwa moja. Natumia Ads Manager, sehemu ya kusimamia matangazo hayo, kwa miezi minane sasa na naipenda kwa kweli, ila kuna kitu kimoja kilinigharimu kabla sijakielewa na ndicho nataka kukieleza hapa kwa kirefu.

Tangazo langu la kwanza kupiga vizuri lilikuwa video ya pazia la kijivu zito na shea nyeupe nyuma, dirisha liko wazi, upepo wa huku mnaujua, pazia linacheza. Bajeti elfu 10 kwa siku, Dodoma mjini na maeneo ya jirani, umri 25 mpaka 45. Wiki ya kwanza nilitumia elfu 70 nikapata meseji 100, yaani shilingi 700 kwa kila mtu aliyeandika. Nikaliacha liende, kwa nini niguse kitu kinachofanya kazi?

Wiki ya pili bado poa, ya tatu kila meseji ikapanda mpaka 1,200, ya nne ikafika kama 1,700. Hela ile ile, elfu 70, meseji 41. Kuna kijana nilikuwa namlipa anisaidie matangazo, akaniambia dada ongeza bajeti, tangazo linahitaji nguvu. Nikaweka elfu 20 kwa siku. Wiki ile nikatumia laki na elfu 40 nikapata meseji 72, kila moja 1,900 na kitu. Yaani nimelipa mara mbili na bei imezidi kupanda, nilikaa nayo usiku naangalia simu nikajua kabisa tatizo siyo bajeti.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtu mzima, kaja dukani na mjukuu wake, nikamwamkia shikamoo mama, karibu, akaitikia halafu akasema "Mwanangu, lile pazia lenu la kijivu nimeliona mpaka huyu mtoto ameshakariri ule muziki wake, hamna jingine?" Akanunua, pazia la maua, lakini lile swali nikaenda nalo nyumbani.

Usiku nikafungua Ads Manager nikaenda Columns nikaongeza safu ambazo sijawahi kuziangalia. Inayobeba habari yote ni Frequency, na hesabu yake ni hii tu:

```
Frequency = Impressions / Reach
```

Impressions ni mara ngapi tangazo limeonekana, Reach ni watu wangapi wameliona. Wiki ya kwanza lilionekana mara 35,000 kwa watu 25,000, kwa hiyo kila mtu kwa wastani mara 1.4. Wiki ya nne lilionekana mara 24,000 kwa watu 9,300 tu, mara 2.6. Ukiangalia hiyo 2.6 unaweza kusema mbona ndogo, mi mwenyewe nilisema hivyo. Lakini ile ni ya siku 7. Nikabadilisha tarehe pale juu kulia nikachagua siku zote 28, ikaja mara 120,000 kwa watu 31,000, yaani karibu 3.9. Hapo ndipo penye siri, Frequency inategemea umefungua dirisha la siku ngapi, na huwezi kujumlisha watu wa wiki nne ukapata watu wa mwezi kwa sababu wengi ni wale wale. Wiki moja inaweza kuonekana salama kumbe mtu huyo huyo amekuona wiki tatu mfululizo.

Na hiyo 3.9 ni wastani, wapo walioona mara moja na wapo kama yule mama. Halafu mfumo unahesabu akaunti, mtu mwenye Facebook na Instagram ambazo hajaziunganisha anahesabiwa kama wawili, kwa hiyo kwa mtu halisi inaweza kuwa zaidi ya unachosoma.

Sasa kwa nini bei inapanda? Nilidhani ni kwa sababu watu wameacha kubonyeza, basi. Ni hivyo lakini ni nusu ya habari. Wiki ya kwanza kila likionekana mara elfu 1 karibu watu 3 walikuwa wanaandika, wiki ya nne hawafiki 2. Hiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni CPM, gharama ya kuonekana mara elfu 1, kwangu ilitoka shilingi 2,000 ikafika 2,900. Matangazo yanashindania nafasi kwa mnada, na kwenye mnada haihesabiwi hela yako peke yake, mfumo unakadiria pia uwezekano wa huyo mtu kufanya unachotaka na ubora wa tangazo lenyewe. Watu wakianza kulipita tangazo lako, makadirio yanashuka, na ili ushinde nafasi ile ile inabidi ulipe zaidi. Kwa hiyo unaumia pande zote mbili, unalipa zaidi kuonekana na walioona wanaandika wachache. Ndiyo maana 700 ilifika 1,700 haraka hivyo. Na ukiongeza bajeti kwenye hali hiyo, kwa mji mmoja, unawaonyesha watu wale wale mara nyingi zaidi, unalichosha haraka zaidi.

Mfumo wenyewe unakuonya pia, kwenye safu ya Delivery utaona Creative limited, maana yake kila matokeo yanakugharimu kuliko matangazo yako ya nyuma, na ukiona Creative fatigue maana yake imefika mara mbili au zaidi. Ni msaada mzuri, ila ukisubiri hilo la pili ujue hela imeshaenda. Mi siku hizi naangalia mwenyewe kila Jumatatu, Breakdown kwa wiki, vitu vitatu pamoja: Frequency, CPM na Cost per result. Sio kila siku, kwa bajeti ndogo namba za siku zinaruka ruka, leo meseji 9 kesho 17 na hakuna kilichobadilika.

Nasema pamoja kwa sababu bei ikipanda peke yake sio lazima tangazo limechoka. Huku kwetu katikati ya mwezi watumishi mifuko imekauka, meseji zinapungua kila mwezi, mshahara ukitoka zinarudi. Mwezi wa pili nilikaribia kutupa tangazo ambalo halijachoka kwa sababu hiyo, wiki ya tarehe 12 bei ikapanda mpaka 1,000, nikaangalia Frequency ya siku 28 iko 1.7, nikalinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, nikaliacha. Baada ya mshahara likarudi 750. Na ukiona CPM imepanda lakini watu bado wanabonyeza kwa kiwango kile kile, mara nyingi ni ushindani, watangazaji wengi wameingia sokoni kama msimu wa sikukuu, tangazo lako halina kosa. Lililochoka kweli lina dalili zote kwa mpigo, Frequency inapanda wiki hadi wiki, watu wapya wanapungua, mwitikio unashuka, bei inapanda.

Kuhusu kubadilisha, kosa langu jingine nilidhani kubadilisha ni kuweka maandishi ya njano badala ya meupe kwenye video ile ile. Haikusaidia kitu, mtu akiona sekunde 2 za kwanza anajua ni lile lile anapita. Mpya ni mpya kwa jicho na kwa hoja. Kwa hiyo tulipiga klipu tatu, moja sebule ya mteja ikiwa tupu halafu ikiwa imevaa, moja mdogo wangu anapima dirisha kwa tepu nyumbani kwa mtu Kisasa, nyingine picha tu ya seti ya madirisha mawili na bei yake imeandikwa kubwa pamoja na bomba na kufungiwa, kwa sababu swali la kwanza la kila mtu WhatsApp ni "jumla yote shilingi ngapi". Ile ya bei ndiyo iliyopiga kuliko zote, sikuitegemea.

Usiingie kwenye tangazo la zamani ukalihariri. Tengeneza jipya, la zamani lisimamishe likae na likes na komenti zake. Na uziweke mpya zote siku moja, kwa sababu kila ukiongeza tangazo kwenye kundi moja la matangazo, yaani ad set, mfumo unaanza kujifunza upya, unahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki ndio utulie, ukiongeza moja leo moja keshokutwa hautulii kamwe. Zangu siku za mwanzo kila meseji ilikuwa shilingi 900, wiki ya pili ikatulia 740.

Ratiba sasa. Watu wanasema badilisha kila wiki, wengine kila mwezi, mi naona inategemea hela yako na ukubwa wa mji wako. Nilifanya hivi: watu ninaowafikia kweli kweli ni kama 30,000. Sitaki wastani wavuke mara 3, maana kwangu ilipofika hapo ndipo bei ilipoanza kukimbia. 30,000 mara 3 ni 90,000. Bajeti yangu inanipa kuonekana mara 35,000 kwa wiki. Gawanya, unapata wiki 2 na nusu, kama siku 18. Ukiongeza bajeti mara mbili zinabaki 9, kwa hiyo ukiongeza hela jiandae na video zaidi kabla. Hiyo 3 ni yangu mimi na mapazia yangu, anayetangaza nchi nzima hesabu yake ni tofauti kabisa, na ukiwarudia watu walioshakuandikia wanavumilia kuona mara nyingi zaidi.

Lile la kijivu sikulifuta. Lilipumzika wiki 8, nikalirudisha pamoja na mengine, kila meseji ikaja shilingi 820. Sio 700 ya mwanzo lakini linafanya kazi, mji huu kila mwezi una watu wapya ambao hawajawahi kuliona.

Sahivi tarehe ya kupiga video naandika kwenye kalenda ya ukutani siku ile ile ninayowasha matangazo, siku ya 12 tunapiga, ya 16 yanaingia. Jumamosi hii tuna nyumba Nzuguni, vyumba vitatu na sebule, mteja ameshakubali tupige wakati tunafunga, nimemwomba tu tufike saa 4 asubuhi jua likiwa bado linaingia upande wa sebuleni.