Apu ya Kusoma Invoisi kwa Picha: Hiki Kipengele Kimoja Kinatosha Kunifanya Niibakishe!

Oya wadau mambo vipi, leo sitawapotezea muda na kamera sijui lugha ngapi, hayo yote mnayakuta kwenye maelezo ya apu. Unapiga picha invoisi ya sapulaya, inakutolea jedwali lenye bidhaa, idadi, bei na jumla, unalitoa kama CSV unafungua kwenye Excel, basi. Kuna apu kibao zinafanya hivyo. Hii nimeipenda kwa kitu kimoja tu: inapiga hesabu kabla haijakukabidhi jedwali!

Hebu tuone. Invoisi hii ina karatasi 12 kwa 450, kalamu 30 kwa 25, na wino wa printa 3 kwa 1,850. Chini imeandikwa jumla kabla ya kodi 11,700, kodi asilimia 10 ni 1,170, jumla kuu 12,870. Imefifia kidogo na ina kunjo katikati, makusudi kabisa, maana invoisi safi kila apu inaisoma.

Napiga... haya, cheki mstari wa wino umekuwa mwekundu. Imesoma 8 badala ya 3, kuna doa limeziba pale upande wa kushoto wa 3. Ila 8 mara 1,850 ni 14,800, na invoisi inasema jumla ya mstari huo ni 5,550, kwa hiyo apu imeshtuka. Sasa utajuaje kosa liko kwenye idadi na si kwenye jumla? Gawa 5,550 kwa 1,850, unapata 3 kamili bila salio, halafu jumlisha mistari yote kwa hiyo 5,550, unapata 11,700 ileile iliyoandikwa chini. Basi 8 ndiyo kosa, unagusa unaandika 3, mstari unageuka kijani. Yaani zile zingine nilizozipitia hapa kwenye chaneli zingekupa 8 na zikanyamaza, ukaingiza stoo katriji tano za wino ambazo hazipo!

Subiri, nikunje zaidi nipige tena. Mnaona? Safari hii mistari yote ni kijani lakini jumla ya chini ndiyo nyekundu, inasema imepungua 750. Hiyo 750 ndiyo kalamu, mstari mzima umemezwa na kunjo. Ukiona tofauti inalingana na mstari mmoja wa invoisi usihangaike na namba, nyoosha karatasi upige upya.

Na jedwali lenyewe likitoka linakuwa hivi:

```
bidhaa,idadi,bei,jumla
Karatasi A4,12,450.00,5400.00
Kalamu,30,25.00,750.00
Wino wa printa,3,1850.00,5550.00
```

Angalia 5400, mkato wa elfu umetolewa. Ni muhimu sana, kwenye CSV mkato ndio unaotenganisha kolamu, ukiuacha 5,400 bila alama za kunukuu Excel inakukatia namba moja vipande viwili na kila kitu kinasogea kulia.

Sasa kinachoniudhi. Hesabu haioni kolamu zikibadilishana! Kuna sapulaya anaandika bei kwanza halafu idadi, na karatasi yake haina vichwa, apu inachukulia namba ya kwanza ndiyo idadi. Kalamu 30 kwa 25 zinakuwa kalamu 25 kwa 30, jibu 750 palepale, kijani tupu, na stoo yako imeharibika. Utaligundua kwa senti: bei kwa kawaida huandikwa 25.00, idadi huandikwa 30 tu, ukiona kolamu ya idadi imejaa .00 simama hapo hapo. Nyingine ni kodi, kuna invoisi ambazo bei tayari ina kodi ndani, na apu inaongeza asilimia 10 tena juu. Hapo tazama kama mistari ukiijumlisha inafika moja kwa moja kwenye jumla kuu, ikifika basi kodi imo ndani, unaitafuta kwa kuzidisha jumla kuu kwa 10 na kugawa kwa 110. Kuna kitufe cha kubadilisha ila wamekificha kwenye mipangilio, kwa nini jamani?

Kwa wale mliouliza kuhusu Tesseract, ni programu ya bure inayosoma maandishi kwenye picha, lakini haikuambii ipi ni idadi ipi ni bei, huko unajipangia mwenyewe, video yake inakuja wiki ijayo so bonyeza kengele. Hii ya leo inalipiwa kwa kila ukurasa, na picha ya kurudia wanaihesabu kama ukurasa mpya, hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa hiyo nyoosha karatasi yako vizuri kabla hujabonyeza.